Masanduku ya bahati kwenye gemu za simu: maswali ambayo wazazi wa vijana huuliza mara kwa mara

Mwanangu anacheza mpira tu kwenye simu. Kamari inaingilia wapi?

Mechi yenyewe haina kamari. Tuchukue eFootball, gemu ya kampuni ya Konami ya Japani, ambayo vijana wengi wa sekondari huku kwetu wanaijua kuliko wanavyoijua ratiba ya mitihani. Inapakuliwa bure, na anayejua kupiga pasi na kukaba ndiye anayeshinda. Kubahatisha kumo katika namna ya kuwapata wachezaji wa kujaza kikosi.

Wachezaji wanaotamaniwa zaidi, hasa magwiji wa zamani wanaoandikwa Epic, mara nyingi hawana bei iliyobandikwa. Unalipa sarafu za ndani ya gemu, unabonyeza, skrini inamulika na kutetema, kisha unakabidhiwa mchezaji ambaye hukumchagua. Anaweza kuwa gwiji uliyekuwa ukimwota, na mara nyingi zaidi atakuwa mchezaji wa kawaida ambaye hutampanga hata siku moja. Hilo ndilo sanduku la bahati: unalipa kwanza, ndipo unajua umenunua nini. Free Fire, PUBG Mobile na gemu nyingine nyingi zina utaratibu wa aina hiyo kwa majina tofauti.

Kwa hiyo kila anachonunua ndani ya gemu ni kamari?

Hapana, na ni vizuri mzazi aijue tofauti kabla ya kufoka, maana kijana akikukuta umechanganya mambo hatakusikiliza tena. Akinunua jezi au vazi ambalo ameliona na bei yake ameiona, huo ni ununuzi. Unaweza kuuona wa kipuuzi, lakini hauna bahati ndani yake. Akilipia pasi ya msimu, ile ambayo kadiri anavyocheza ndivyo anavyofunguliwa zawadi zilizotajwa tangu mwanzo, hapo pia anajua anacholipia, ingawa pasi ina mtego wake wa kumfunga kwenye gemu kila siku.

Swali la kumuuliza ni moja tu: kabla ya kulipa, ulijua utapata nini? Kama jibu ni hapana, mko kwenye sanduku la bahati.

Uwezekano wa kumpata mchezaji anayemtaka ni kiasi gani? Nifanyie hesabu.

Chukua sanduku la kawaida la eFootball. Ndani yake kuna orodha ya wachezaji 150, na kati yao Epic ni watatu. Kuzungusha mara moja, yaani kulipa na kubonyeza ili atoke mchezaji mmoja, ni sarafu 100, kuzungusha mara kumi kwa mkupuo ni sarafu 900. Mchezaji akishatoka haingii tena kwenye orodha. Sarafu 1,000 hugharimu karibu dola 10, na ukinunua kifurushi kikubwa bei hupungua kidogo.

Tuseme kijana wa kidato cha pili anamtaka Epic mmoja maalumu kati ya wale watatu. Anazungusha mara kumi kwa sarafu 900. Uwezekano wa kumpata ni kumi kwa 150, yaani chini kidogo ya asilimia 7. Hata akiridhika na yeyote kati ya watatu, uwezekano ni karibu asilimia 19. Maana yake ni kwamba vijana watano wakilipa dola tisa kila mmoja, wanne hivi wataondoka bila Epic hata mmoja.

Hajapata, anaendelea. Akifika mizunguko 50 ametumia sarafu 4,500. Hizo ni dola 40 na ushee, zaidi ya shilingi 5,000 za Kenya au kama laki moja ya Tanzania. Uwezekano wa kuwa amempata yule mmoja ni theluthi moja. Theluthi mbili ya wanaofika hapo wamelipa fedha zote hizo na mchezaji hawana. Ili awe na uhakika kamili inabidi alimalize sanduku lote, mizunguko 150, sarafu 13,500. Hapo tumevuka dola 100, kwa picha ya mchezaji mmoja anayekimbia kwenye skrini ya simu.

Hesabu hii huhitaji kuchukua kutoka kwangu. Tangu Desemba 2017 kampuni ya Apple inazitaka gemu zilizo kwenye duka lake zionyeshe uwezekano wa kupata kila aina ya zawadi kabla ya mteja kulipa, na Google ilifuata mwaka 2019. Mwambie kijana akufungulie ukurasa wa maelezo ya sanduku. Namba zimo, kwa maandishi madogo. Kaeni na kikokotoo muipige pamoja, na umwache yeye ndiye abonyeze.

Yeye anasema "limebaki kidogo, sasa hivi linatoka". Ni kweli?

Inategemea sanduku, na hapa vijana wengi huchanganya.

Katika sanduku tulilolieleza, ambalo aliyetoka harudi, uwezekano hupanda kweli. Baada ya mizunguko 50 bila mafanikio wamebaki wachezaji 100, na mizunguko kumi inayofuata ina asilimia 10 badala ya zile 7 za mwanzo. Kwa hiyo kijana hadanganyi. Lakini huo ukweli mdogo ndio unaomshika: anaona akiacha sasa, zile dola 40 zimepotea bure, na akiongeza tisa tu huenda zikaokoka. Sanduku nalo lina tarehe ya mwisho. Kila Alhamisi eFootball huleta mambo mapya na orodha za zamani huondoka kwa zamu. Anayesubiri hadi baba apokee mshahara anaweza kukuta mchezaji wake hayupo tena.

Katika masanduku mengine hakuna kinachoondolewa. Kila mzunguko unaanza upya kana kwamba ya nyuma haikuwapo. Kama uwezekano ni asilimia 1, wengi hudhani mizunguko 100 inatosha. Haitoshi. Baada ya mizunguko 100 ya namna hiyo, zaidi ya theluthi moja ya wachezaji bado hawajapata kitu. Aliyekosa mara 99 ana asilimia ile ile 1 kwenye ya mia. "Sasa hivi linatoka" hapo halina msingi wowote.

Aina ya tatu ina dhamana. Genshin Impact, gemu ya Kichina, ina asilimia 0.6 kwa kila mzunguko ya kupata mhusika wa nyota tano, ila ukifika mzunguko wa 90 bila kumpata unapewa mmoja kwa lazima. Shida ni kwamba huyo wa lazima anaweza asiwe yule unayemtaka, na ikiwa hivyo unaanza safari nyingine ya hadi 90. Ukiwa na mkosi wa mwisho kabisa, mhusika mmoja atakugharimu mizunguko 180, na fedha yake ni zaidi ya dola 350.

Kwa nini hawauzi moja kwa moja kwa shilingi?

Kwa sababu ukilipa kwa sarafu husikii uchungu. Mtu anayeambiwa "bonyeza hapa ulipe shilingi 20,000 upate pengine kitu, pengine usipate" atasita. Akiambiwa "tumia 900" wala hashtuki, hasa kama sarafu hizo alizinunua juzi na shilingi zimeshasahaulika. Vifurushi navyo vina ujanja wake. Idadi ya sarafu zinazouzwa mara nyingi hailingani sawasawa na bei ya mizunguko, hivyo hubaki chenji ambayo haitoshi kuzungusha tena mpaka uongeze nyingine. Gemu pia humpa kijana sarafu chache za bure kwa kuingia kila siku au kushinda changamoto, na hizo huchanganyika na za kulipia mpaka yeye mwenyewe hawezi kukuambia ametumia pesa ngapi. Muulize. Si kwamba anaficha, hajui kweli.

Jambo hili si manung'uniko ya wazazi peke yao. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na Cognosphere, kampuni inayoendesha Genshin Impact huko, ilipe dola milioni 20. Miongoni mwa masharti ni kutowauzia walio chini ya miaka 16 masanduku ya bahati bila idhini ya mzazi, kuweka wazi uwezekano, na kuweka wazi thamani halisi ya sarafu za ndani ya gemu.

Kisheria hii ni kamari au si kamari?

Tanzania na Kenya mtu haruhusiwi kubeti kabla ya miaka 18, na Uganda wamekwenda mbali zaidi wakaweka 25. Kijana wa miaka 14 akienda kwenye kibanda cha kubeti kuweka mkeka, mwenye kibanda akimpokea anavunja sheria. Kijana huyo huyo akizungusha sanduku usiku kucha chini ya shuka, hakuna anayevunja chochote. Sababu ni kwamba sheria za kamari kwa kawaida hutafuta mambo matatu: umelipa kitu, matokeo yanategemea bahati, na unachoshinda kina thamani ya fedha. Mawili ya kwanza yapo bila ubishi. La tatu ndilo kampuni zinalokataa: mchezaji wa Epic hawezi kugeuzwa fedha, kwa hiyo si ushindi.

Ulaya wamelivutana hilo bila kuafikiana. Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema masanduku ya kulipia katika FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike ni kamari isiyo na leseni. Mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA, watengenezaji wa FIFA, ikaacha kuuza nchini humo pointi za FIFA, zile za kununulia pakiti za wachezaji. Jirani zao Waholanzi walijaribu njia hiyo hiyo na kuitoza EA faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ikaifuta, ikisema kufungua pakiti za wachezaji si mchezo unaojitegemea bali ni sehemu ya gemu kubwa inayohitaji ujuzi. Na hata Ubelgiji penyewe, utafiti wa mwaka 2022 uliopitia gemu 100 za iPhone zilizokuwa zikiingiza fedha nyingi zaidi ulikuta 82 kati yake bado zina masanduku ya bahati. Katazo lipo kwenye karatasi, na biashara inaendelea.

Hoja ya "haigeuzwi fedha" nayo naiona dhaifu huku kwetu. Ingia kwenye makundi ya Facebook, WhatsApp au Telegramu ya wachezaji wa eFootball uone akaunti zinavyouzwa, bei ikipangwa kwa idadi ya Epic waliomo. Masharti ya gemu yanakataza, lakini soko liko wazi, na kijana anayejiambia "nikipata watatu naiuza akaunti" tayari anafikiri kama mcheza kamari.

Utafiti unasemaje? Atakuja kuwa mraibu wa kubeti?

Hakuna anayeweza kukuambia hivyo kuhusu mwanao. Kinachojulikana ni uhusiano. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza, Zendle na Cairns, walichapisha uchunguzi wa wachezaji wa gemu zaidi ya 7,000 na kukuta kwamba kadiri mtu alivyotumia fedha nyingi kwenye masanduku ya bahati, ndivyo dalili zake za tatizo la kamari zilivyokuwa kali zaidi. Mwaka uliofuata Zendle na wenzake waliwachunguza vijana wa miaka 16 hadi 18, zaidi ya elfu moja, na uhusiano huo ukajitokeza tena, wenye nguvu kuliko kwa watu wazima.

Uhusiano hauelezi kipi kimezaa kipi. Inawezekana masanduku yanamfundisha kijana kamari, na inawezekana pia vijana wenye mwelekeo huo tangu awali ndio wanaovutwa na masanduku. Lakini kwa mzazi yote mawili ni habari mbaya. Katika hali ya kwanza gemu inamtengenezea mtoto tatizo, na katika ya pili kampuni inamvunia fedha kijana ambaye ndiye aliyepaswa kulindwa zaidi.

Hana kadi ya benki na namba ya siri ya simu yangu haijui. Analipaje?

Njia ni nyingi kuliko unavyodhani. Katika baadhi ya mitandao, Google Play inaweza kukata salio la vocha moja kwa moja, na hapo haihitajiki namba ya siri ya M-Pesa wala ya mtandao mwingine. Kijana anayekuomba vocha kila mara na hapigi simu ameshakujibu. Kuna kadi za zawadi zenye namba ya kukwangua au ya kutumiwa, ambazo hazina jina la mnunuzi. Na kuna mawakala wa mitaani na wa WhatsApp: unamtumia fedha kwa simu, yeye anakuwekea almasi au sarafu. Kwa Free Fire namba ya mchezaji inatosha. Wakala anapotaka na nywila ya akaunti, mara nyingi hadithi huishia akaunti kuibwa, na mtoto haji kukusimulia kwa sababu tangu mwanzo hukujua kama analipa.

Nitajuaje kama mambo yameharibika?

Usiangalie saa anazocheza peke yake. Angalia stakabadhi. Kila ununuzi wa Google Play huacha barua pepe, na historia yake inabaki kwenye akaunti, sehemu ya malipo, hata barua zikifutwa. Malipo moja kila baada ya wiki kadhaa, kiasi kilekile, ni kijana anayenunua pasi. Unachotafuta ni malipo matatu au manne ya karibu karibu, yaliyopishana kwa dakika chache, hasa usiku. Huko ndiko kufukuzia hasara: kazungusha, kakosa, kaongeza, kakosa tena. Ukiona pia barua za Google Play zinafutwa kabla hujazisoma, basi yeye mwenyewe ameshajua kwamba kuna jambo la kuficha.

Nifunge nini kwenye simu?

Anza na Google Play. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuthibitisha ununuzi, ambapo unachagua nywila iombwe lini. Chagua iombwe kila mara. Usiiache kwenye ile ya kila dakika 30, kwa sababu ukimwekea mtoto nywila anunue kitu kimoja, nusu saa yote inayofuata mlango uko wazi. Si jambo la kufikirika: mwaka 2014 Google ilikubali kurudisha angalau dola milioni 19, na Apple dola milioni 32.5, baada ya watoto wa Marekani kununua vitu kupitia mianya ya namna hiyo.

Kwa mtoto mdogo zaidi tumia Family Link, programu ya Google ya wazazi, ambapo kila ombi la kununua linakuja kwenye simu yako. Kwenye iPhone, kikundi cha familia kina kipengele kama hicho kiitwacho Ask to Buy, kwa walio chini ya miaka 18. Lakini ujue mpaka wake. Idhini ya Family Link inafanya kazi kwa malipo yanayopita kwenye mfumo wa Google Play tu. Wakala wa WhatsApp na tovuti za kuongeza sarafu haviguswi nayo hata kidogo. Na ondoa njia ya malipo ya vocha kwenye akaunti kama imeunganishwa. Hiyo wazazi wengi huisahau.

Si afadhali niifute gemu?

Ataipakua tena kesho kwa simu ya rafiki. Wachezaji wengi wa gemu hizi hawalipi hata senti, na eFootball inachezeka bila kulipa. Mimi ningemwachia mechi nikakataza masanduku, na kama nina uwezo ningempa kiasi kidogo cha mwezi cha kununulia vitu vyenye bei iliyobandikwa tu. Ila kwa kijana ambaye tayari ameiba fedha nyumbani ili azungushe, kupanga kiasi hakutoshi. Huyo ahitaji kutenganishwa na gemu kwa muda, na aongee na mshauri nasaha wa shule au mtaalamu wa afya ya akili.

Fedha imeshakatwa. Inarudi?

Wakati mwingine, ukiwahi. Kwa Google Play, ombi la kurudishiwa lifanye ndani ya saa 48, kwa akaunti ile ile iliyonunua, ukieleza kwamba mtoto alinunua bila ruhusa. Zikipita saa hizo Google mara nyingi hukuelekeza kwa watengenezaji wa gemu wenyewe, na huko majibu huwa magumu zaidi. Kwa Apple ombi hufanywa kwenye ukurasa wa reportaproblem.apple.com. Orodhesha kila malipo kwa tarehe na kiasi badala ya kuandika jumla, kwa sababu kila ununuzi huamuliwa peke yake.

Kabla ya kubonyeza, mwambie kijana kwamba fedha ikirudi, sarafu zinaweza kuondolewa na akaunti ikafungiwa. Fedha iliyopita kwa wakala wa mitaani usiisubiri, labda kama wakala huyo unamjua anapokaa.